Njia mpya Dodoma–Arusha: kepsheni iseme gari linaondoka saa ngapi, furaha baadaye

Wiki iliyopita jamaa yangu mmoja mwenye kampuni ya usafirishaji hapa Dodoma, ofisi na godauni lake liko upande wa Kizota, alinitumia posti aliyotaka kuitupia Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp ya wafanyabiashara. Anafungua ruti ya Arusha kupitia Kondoa na Babati. Akaniambia kaka hebu ipitie, iwe ya kiofisi lakini isiwe kavu, wateja wangu ni watu wa biashara ila wengi tunajuana. Nikaisoma. Ilikuwa hivi:

"Tunayo furaha kubwa kuwatangazia wateja wetu wapendwa kuwa sasa tumefungua rasmi njia mpya ya Dodoma – Arusha. Huduma bora, haraka, salama na kwa bei nafuu. Mzigo wako, jukumu letu. Karibuni sana!"

Ukiisoma haraka huoni kosa, ndo maana kila kampuni inaandika hivi hivi. Lakini mi nimekaa kaunta ya kupokea mizigo miaka kadhaa kabla sijaanza haya mambo ya kuandika, na najua mtu akishasoma hiyo kitu anapiga simu kuuliza nini. Anauliza mnaondoka siku gani, mwisho wa kuleta mzigo saa ngapi, Arusha unafika lini, mnachaji vipi. Maswali manne, na kwenye hiyo posti hakuna hata moja lililojibiwa, kwa hiyo umeandika mistari minne na bado unapokea simu zilezile ambazo ungepokea kama ungeandika tu "njooni".

Sasa tuanze na hapo mwanzo kabisa, kwa sababu huko ndiko watu wanapoteza wateja bila kujua. Instagram ikionyesha posti kwa mtu anayeskroli haionyeshi kepsheni yote, inakata baada ya kama herufi 125 hivi, zinazobaki mpaka mtu abonyeze. Nikahesabu ile sentensi ya kwanza ya jamaa yangu, ina herufi 110 ukihesabu na nafasi. Neno "Dodoma" linaanza baada ya herufi 94. Yani mtu mwenye duka la hadwea pale Majengo, ana sekunde mbili, mteja amesimama mbele yake anataka misumari, ameona "Tunayo furaha kubwa kuwatangazia wateja wetu wapendwa kuwa", ameshapita. Furaha yako umeiweka mbele ya safari yake. Na mstari wa pili wenye "bora, haraka, salama" ndo kabisa, karibu wote umefichwa, ila huo hata ukifichwa hakuna hasara.

Nikamwambia tuandike hivi mstari wa kwanza: "Dodoma–Arusha kila Jumatatu na Alhamisi: leta mzigo kabla ya saa 10 jioni, kesho yake saa 3 asubuhi upo Arusha." Herufi 111, inaingia yote, na mtu akisoma hiyo tu bila kubonyeza popote ameshapata majibu matatu kati ya manne. Akaipenda sana. Shida ikaja kwamba ilikuwa na uongo ndani yake, na hatukuuona mpaka tulipokaa na dereva.

Hapa nataka nikae kidogo maana ndo penyewe. Kepsheni ya ruti mpya siyo tangazo la kuuza sabuni. Sabuni ukiandika inang'arisha, mtu akafua haikung'ara sana, basi, atanunua nyingine. Ruti ukiandika "saa 3 asubuhi upo Arusha", kuna mtu kule amemwambia fundi wake aje saa 3 na nusu, amemlipa nusu. Saa 3 isipofika gari ameshapoteza siku ya fundi, na jina lililoharibika ni la huyu wa Dodoma aliyetuma, wewe msafirishaji unafuata nyuma. Kwa hiyo kila namba unayoweka pale ni ahadi ambayo mtu mwingine anaenda kuahidi juu yake, na ile ya pili ndiyo itakayokuletea kesi.

Basi tukaikokotoa safari yenyewe. Dodoma mpaka Babati ni kilomita 251, ile lami iliyokamilika na kuzinduliwa 2018, kabla ya hapo watu wa mizigo wengi walikuwa wanazunguka kwa sababu kipande cha Kondoa wakati wa masika kilikuwa habari nyingine kabisa. Kutoka Babati kwenda Arusha kupitia Minjingu na Makuyuni weka kama 170. Jumla 420 na ushee. Gari kubwa la mizigo kisheria mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ni 50, na barabara hii vijiji ni vingi, halafu kuna vile vilima vya upande wa Kolo na Bereko ambako lori lenye mzigo linapanda polepole. Dereva wake, mzee mmoja mtulivu sana, akasema yeye anaweka wastani wa 45 mpaka 50 kwa saa, haamini mtu anayesema zaidi. Kwa hesabu hiyo ni saa 9 za kuendesha bila kupumzika.

Sasa mzigo ukifungwa kupokelewa saa 10 jioni haimaanishi gari linaondoka saa 10. Kuna kupakia, kuna kuandika, kuna turubai, kuna yule mteja anayefika saa 10 na dakika 20 anaomba msamaha na huwezi kumrudisha kwa sababu ni mteja wa miaka. Gari linatoka saa 2 usiku. Ongeza saa 9, ni saa 11 alfajiri, na hapo hatujaweka mtu kula, tairi, ukaguzi, wala usingizi. Dereva akasema, "Mkiandika saa 3 mimi silali." Hakupaza sauti, alisema tu hivyo, akaendelea kunywa chai. Tukabadilisha ikawa saa 5 asubuhi. Hiyo inampa saa 3 mpaka 4 za kulala njiani, na bado inabaki nafasi ya dharura ndogo. Kwenye kepsheni ni tarakimu moja tu imebadilika, na idadi ya herufi ni ileile, lakini ile ya kwanza ingekuwa tangazo la mtu anayeendesha akisinzia.

Kuna wenye kampuni wataniambia mshindani ameandika saa 2 asubuhi, mimi nikiandika saa 5 nani atakuja. Watakuja wengi tu. Mwenye biashara anachotafuta ni saa anayoweza kuipangia watu. Saa 5 ya kila wiki ni bora kwake kuliko saa 2 ya leo, saa 8 ya Alhamisi, na simu isiyopokelewa wiki inayofuata.

Halafu hii ya saa yenyewe. Naomba wabunifu wa mabango mnisikilize. Yule kijana aliyetengeneza picha ya posti aliweka "4:00 PM" kwa sababu inapendeza kwenye picha, kepsheni ikasema saa 10 jioni, ni muda uleule, sawa, lakini kijana mwingine wa ofisi akaikopi kwenda kwenye grupu akaandika "mwisho saa 10:00" bila jioni. Kuna wateja wa Kiasia na wa mashirika hapa mjini wanasoma saa kwa Kizungu, yeye 10:00 ni asubuhi, anaona amechelewa, hatumi. Na kuna mwingine atafanya kinyume chake, ataiona 4:00 PM aisome saa 4 usiku, aje akute mlinzi. Chagua namna moja, andika "saa 10 jioni", neno jioni lisikosekane, na kwenye picha iandikwe vilevile. Ni kitu kidogo lakini nimeshawahi kuona mzigo wa madawa ya mifugo ukibaki godauni siku tatu kwa sababu hiyo tu.

Sasa tuje kwenye bei, maana swali la nne ndilo lenye mtego. Jamaa yangu alitaka kuandika "kuanzia shilingi 120 kwa kilo". Hiyo namba tuitumie kama mfano tu, kila mmoja ana yake. Inavutia, ni rahisi kukumbuka. Nikamuuliza, mteja wako wa magodoro yule wa karibu na Sabasaba atakulipa ngapi? Akacheka kwanza, halafu akaacha kucheka.

Chukua magodoro 20 ya futi 5 kwa 6, unene inchi 8. Godoro moja lina ujazo wa kama mita za ujazo 0.57, kwa hiyo 20 yanakula zaidi ya mita 11. Bodi la lori lake lina urefu wa mita 7.2, upana na kimo mita 2.4 kila kimoja, jumla ni kama mita za ujazo 41. Ina maana magodoro 20 yamechukua zaidi ya robo ya gari. Uzito je? Tuseme kilo 12 kila moja, ni kilo 240. Ukizidisha na 120 unapata shilingi 28,800. Robo ya lori, kilomita 420, kwa elfu 28. Hata mafuta ya kufika Kondoa hailipi.

Watu wa mizigo dawa ya hili wanayo zamani, mzigo mwepesi unahesabiwa kwa nafasi, na kipimo kinachotumika sana barabarani ni mita moja ya ujazo kuhesabika kama kilo 333. Kwa kipimo hicho yale magodoro yanahesabika kama kilo 3,700 na kitu, bei inakuwa karibu laki 4 na nusu. Mwenye magodoro hatokubali hiyo laki 4 na nusu kirahisi, mtakaa mtaongea, mtashusha, labda ya magodoro mtaiweka kwa kipande. Hilo ni la kaunta. Ila kwenye kepsheni ukiwa umeshaandika 120 kwa kilo, yeye anakuja na simu mkononi, anakuonyesha maneno yako mwenyewe, na mazungumzo yanaanza mwenzako akiwa ameshajiona ametapeliwa. Bei ya kilo ukiitangaza bila kusema mzigo mwepesi unahesabiwa vipi, umewaita hasa wale wenye mizigo inayokutia hasara. Wenye misumari na mabati nao watakuja, sawa, lakini wenye magodoro, makapu ya plastiki na masofa watakuja mbio zaidi.

Kwa hiyo tukaandika: "Mzigo mzito tunahesabu kwa kilo, mzigo mwepesi wenye nafasi kubwa (magodoro, fanicha, plastiki) kwa ujazo. Tuma picha na vipimo, tunakujibu bei kamili kabla hujatoa mzigo dukani." Bei yenyewe hatukuweka. Najua kuna wanaosema tangazo bila bei ni kupoteza muda, na kwa chakula au nguo nakubaliana nao kabisa, "njoo inboksi" inaniudhi mimi pia. Kwa mzigo mchanganyiko bei moja haipo, na kuiandika ni kujifunga. Unachoweza kuahidi ni kwamba mtu ataijua kabla hajabeba.

Na VAT. Kampuni imesajiliwa, wateja wake wengine nao wamesajiliwa, wengine hapana. Mtu anatuma tani 2 kwa hiyo bei yetu ya mfano, ni 240,000. Asilimia 18 juu yake ni 43,200. Usiposema mapema kwamba bei unayompa kwa simu ina VAT au haina, hiyo elfu 43 inakuja kutokea siku ya kulipa, na hapo hakuna maneno matamu yatakayosaidia. Maneno manne yanatosha: "bei tunazotaja zina VAT". Au hazina, lakini useme.

Uzito mkubwa nilitaka nisiuguse ila jamaa alikuwa ameweka mstari mwingine chini, "tunabeba hadi tani 15 kwa gari moja", na gari lenyewe ni la ekseli mbili. Hapo nikamwambia futa haraka. Kwa sheria ya uzito tunayotumia ya Afrika Mashariki, ekseli ya mbele ya usukani ni tani 8, ya nyuma yenye tairi nne ni tani 10, jumla 18, na hizo ni pamoja na gari lenyewe. Gari lake tupu na bodi linakaribia tani 7 na nusu. Kinachobaki ni 10 na nusu, na hapo mzigo uwe umepangwa vizuri, maana ukiurundika nyuma ekseli ya nyuma inazidi hata kama jumla iko sawa. Mfanyabiashara mzoefu akisoma tani 15 kwenye gari la aina ile anajua moja kati ya mawili, ama huyu hajui kazi, ama mzigo wangu utakaa mizani. Tukaandika tani 10. Inaonekana ndogo, lakini ni ya kweli, na watu wa alizeti ambao wanapima kila siku wataielewa kuliko yeyote.

Sasa kuhusu hii habari ya kuwa na ukarimu kwenye maneno, maana aliniomba kabisa isiwe kavu. Watu wengi wanadhani ukarimu ni kuongeza "wapendwa", "wa thamani", emoji za mikono inayoshikana na ule usemi wa kubeba ndoto badala ya mzigo. Mteja wa biashara akisoma "mteja wetu mpendwa" anajua umemwandikia kila mtu. Kijana wa ofisini akapendekeza tuanze na "Mbukwenyi!" ili ionekane ni ya hapa Ugogoni, nikaipenda kwa kweli, lakini posti inaenda mpaka kwa Warangi wa Kondoa na Arusha kule, nikasema hiyo tuiache kwa mdomo, mtu akifika kaunta umsalimie hivyo.

Mahali ukarimu unapoonekana ni pale unapomwonyesha mtu kwamba unajua anavyohangaika. Wateja wa Dodoma walikuwa wanatuma mzigo mdogo wa Arusha kwenye basi, wanabembeleza kondakta, au wanasubiri lori la mtu anayejuana na mtu lijae ndo liondoke, Jumanne inakuwa Ijumaa. Wanaojua hilo ni sisi tuliokaa kaunta. Kwa hiyo sentensi yetu ya ukarimu ikawa hii: "Gari linaondoka hata kama halijajaa, hutasubiri mzigo wa mwenzako." Haina neno mpendwa hata moja. Nikamwonyesha mama mmoja anayeuza vitambaa, akasema, "Eti kweli litaondoka halijajaa?" Hakuuliza kuhusu bei. Aliuliza hiyo.

Ila sentensi kama hiyo ni ghali. Nikamuuliza jamaa, Alhamisi ukiwa na tani 3 tu utaondoka kweli? Hapo ndo ikabidi tuongelee kitu ambacho kilitakiwa kiwe cha kwanza, mzigo wa kurudi. Gari likienda na tani 3 na kurudi tupu, unachoma mafuta ya kilomita 840 kwa pesa ya tani 3. Kinachoiokoa ruti ni Arusha kurudi Dodoma, na mji huu umekua, serikali yote iko hapa, unakula na kujenga kuliko unavyotoa. Lakini kepsheni yake yote ilikuwa inaongea na mtu wa Dodoma anayetuma. Hakukuwa na hata neno kwa aliyeko Arusha mwenye spea, nguo au mbegu za kuleta huku, wala kwa mwenye duka wa hapa anayenunua kule na angetaka kuambiwa "mwambie muuzaji wako alete kwetu". Tukaongeza mstari wa kurudi, Jumatano na Jumamosi, na tukasema wazi kwamba mwenye duka Dodoma anaweza kulipia hapahapa. Jamaa ana magari mawili, kwa hiyo ratiba inawezekana bila kumkamua dereva mmoja.

Mstari wa mwisho niliopigania ni wa kukagua. Kampuni nyingi haziweki, zinaona unatia wasiwasi. Nilipokuwa kaunta, sehemu ambayo sitaitaja, ndoo ya rangi ilipasuka ndani ya gari ikamwagikia marobota ya nguo, mwenye nguo akasaini bila kufungua, akaja kesho yake. Tulibishana wiki nzima, yeye ana haki na sisi karatasi inatutetea, na mwisho tukampoteza. Sentensi moja ingesaidia: kagua mbele ya dereva, kilichopungua au kuharibika kiandikwe kwenye dilivari noti palepale. Kwa mteja wa biashara hiyo haimtishi, inamwambia hapa kuna utaratibu.

Baada ya siku mbili za kuandika na kufuta, ikatoka hivi:

"Dodoma–Arusha kila Jumatatu na Alhamisi: leta mzigo kabla ya saa 10 jioni, kesho yake saa 5 asubuhi upo Arusha.
Gari linaondoka hata kama halijajaa, hutasubiri mzigo wa mwenzako. Tunapita Kondoa na Babati, tunashusha na huko.
Kurudi Arusha–Dodoma: Jumatano na Jumamosi. Unanunua Arusha? Mwambie muuzaji alete godauni letu, wewe utalipia hapa Dodoma.
Mzigo mzito tunahesabu kwa kilo, mwepesi wenye nafasi kubwa (magodoro, fanicha, plastiki) kwa ujazo. Gari moja ni hadi tani 10. Tuma picha na vipimo WhatsApp, tunakujibu bei kamili kabla hujatoa mzigo dukani. Bei tunazotaja zina VAT.
Ukipokea, kagua mbele ya dereva, kilichopungua kiandikwe kwenye dilivari noti palepale.
Karibu Kizota, chai ipo."

Namba ya simu ikawekwa kwenye maneno, siyo kwenye picha peke yake, kwa sababu kwenye picha mtu hawezi kuikopi, na hilo nalo watu wanalisahau sana. Ile ya chai jamaa yangu ndo aliiongeza, mi nilitaka kuifuta, akakataa, akasema pale kwake chai ipo kweli na kila mteja anaijua. Nikamwachia. Wazo langu ni kwamba kama ipo kweli basi siyo pambo.

Ikapanda Ijumaa asubuhi. Simu ya kwanza haikutoka Dodoma wala Arusha, ilitoka Kondoa, mzee mwenye duka la pembejeo. Amesoma yote, anashukuru, halafu anauliza: gari likitoka Dodoma saa 2 usiku, Kondoa linapita saa ngapi? Jamaa akapiga hesabu kichwani, kilomita kama 160, akasema saa 5 na nusu usiku hivi. Kimya kidogo upande wa pili. "Sasa mwanangu, saa 5 na nusu usiku mzigo wangu utampa nani?"

Tulikuwa tumeandika "tunashusha na huko" bila kuwaza hata mara moja kwamba Kondoa inalala. Mpaka naandika haya, ule mstari umefutwa, na jamaa yangu yuko njiani kwenda Kondoa kutafuta mtu mwenye stoo anayeweza kuamka usiku.